Ngozi Inayozunguka Kitovu

Nilikuwa nimezalisha kwa miaka kumi na tisa katika kituo kidogo cha afya huko Naviundu nilipokutana na yule mama mshonaji, na nilijiona najua yote yanayohusu kitovu cha mtoto mchanga. Kwa sehemu kubwa nilijua kweli. Nilichokosea hakikuwa elimu ya kitovu, kilikuwa sentensi moja niliyoitamka kwa haraka siku ya Ijumaa.

Alijifungua Jumatatu asubuhi, mtoto wa kiume, mimba yake ya kwanza. Mumewe ni dereva wa lori la mzigo na alikuwa safarini, kwa hiyo aliletwa na jirani. Hakupiga kelele hata kidogo. Katikati ya uchungu aliniuliza kama pazia la chumba cha kuzalia lilishonwa na fundi gani, maana upindo wake ulikuwa umepinda. Mtoto alipotoka nilisubiri kitovu kiache kupigapiga, nikakibana kwa kibanio, nikakata kwa wembe mpya, nikamweka mtoto kifuani pa mama yake. Mwezi ule tulikuwa tumeishiwa ile dawa ya kupaka kitovuni tunayowapa akina mama, klorheksidini, ambayo ni kama mafuta mazito ndani ya kichupa laini. Ilikuwa bado haijafika kutoka bohari. Basi kesho yake, kabla hajaenda nyumbani, nilimpa maelezo ya siku ambazo hakuna dawa.

“Kitovu tunakiacha kikauke na hewa,” nilimwambia. “Unanawa mikono na sabuni mbele ya kukigusa. Kitambaa cha haja unakikunja chini yake, mkojo usikifikie. Haupake kitu. Hata mafuta, hata poda, hata maziwa yako.”

“Na kikichelewa kuanguka?”

“Kinaweza kuchukua wiki moja, kinaweza kuchukua mbili. Usikivute.”

Jumatano alirudi. Alimlaza mtoto mezani, akafunua tumbo, akanyoosha kidole bila kugusa.

“Mama, angalia. Iko naoza.”

Kikonyo, kile kipande cha kitovu kinachobaki baada ya kukata, kilikuwa kimepoteza ule weupe wa siku ya kwanza unaong’aa kama utumbo wa samaki. Sasa kilikuwa na rangi ya manjano inayoelekea kijani, na ncha yake imeanza kuwa kahawia. Mtu asiyezoea lazima aogope, maana hiyo ni rangi ya kitu kinachoharibika. Nilimweleza kwamba kikonyo hakina tena damu inayokilisha, kwa hiyo kinakufa, na ndivyo kinavyotakiwa kufanya. Kutoka kijani kitaenda kahawia, kisha cheusi, kitakuwa kigumu na chembamba kama kipande cha ngozi kilichosahauliwa juani.

“Sasa niangalie nini, kama rangi yake haina shida?”

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wanafunzi wa uuguzi. Nilimshika mkono nikaweka kidole chake karibu na shina la kikonyo, pale kinapokutana na tumbo.

“Usikiangalie sana kikonyo. Angalia ngozi inayokizunguka. Hii hapa. Iko namna gani?”

“Iko sawa na ya tumbo.”

“Gusa na mgongo wa vidole. Iko moto kuliko pengine?”

“Hapana.”

“Ngumu?”

“Iko laini.”

“Basi. Kikonyo kinaweza kugeuka rangi yoyote. Ngozi ikibaki hivi, mtoto yuko muzima.”

Aliitikia kwa kichwa, akasema yeye hata kwenye nguo huanza kutazama upindo, kwa sababu hapo ndipo fundi mbaya hujulikana. Nikacheka. Nilimpenda.

Ijumaa alirudi tena. Safari hii kulikuwa na tone la damu kwenye kitambaa, dogo kama kichwa cha pini, na harufu. Niliinama nikanusa. Ilikuwa harufu hafifu ya kitu kinachokauka, ambayo lazima ulete pua karibu ndipo uipate. Kikonyo kilikuwa cheusi na upande mmoja kilikuwa kimeanza kujitenga na tumbo. Kitambaa kilikigusa, kikatoa lile tone. Ngozi ilikuwa safi. Mtoto alikuwa ananyonya hadi jasho linamtoka puani. Kila kitu kilikuwa vizuri, na nje walikuwa wamekaa wanawake kumi na wanne wanasubiri chanjo.

“Mama, hii damu ni kitu ya kawaida,” nilimwambia nikiwa tayari nimeelekea mlangoni. “Mtoto wako hana shida. Usirudi tena mpaka kikonyo kianguke, sawa?”

Sikusema kwa ukali. Baadhi ya wanawake kwenye benchi walicheka, nami nikacheka nao kidogo. Yeye alimfunika mtoto, akampakata, akashukuru, akaondoka.

Jumamosi mama mkwe wake alifika kutoka Pweto. Haya niliyasikia baadaye, kutoka kwao wote wawili, na hawakupingana. Alikuja na gunia la samaki wakavu na furaha ya mtu anayemwona mtoto wa kwanza wa kijana wake. Alikuwa amelea watoto wanane na hakuzika hata mmoja. Alipofunua tumbo la mtoto aliona jambo moja tu lililomtisha: kikonyo kilikuwa kinaning’inia kuelekea chini. Kwao inajulikana kwamba kitovu cha mvulana kikianguka juu ya uume wake, mtoto huyo hatakuja kuwa mwanamume. Si jambo la mzaha. Mtu anayeamini hivyo na kuona hatari ile mbele ya macho yake hawezi kukaa bure.

Kwa hiyo alifanya alichokuwa akifanya mama yake, na yeye mwenyewe baada yake. Alichoma kikonyo cha kibuyu kikavu, akasaga mkaa wake, akauchanganya na mawese, akapaka pale kwenye shina ili kianguke upesi. Kisha akamfunga mtoto mkanda wa kitambaa tumboni, ili kikianguka kibaki mle mle. Mama wa mtoto alisema, “Mama ya santre alikataza kupaka kintu,” akimaanisha mimi wa kituo cha afya. Mama mkwe akamjibu bila hasira, “Ule ni munganga. Miye ni kambo,” yaani bibi wa mtoto. Yakaisha.

Chini ya ule mkanda, hewa haikupita tena. Palikuwa na joto, unyevu, mafuta na mkaa uliosagwa juu ya jiwe la jikoni, na pembeni palikuwa na kile kidonda kidogo kilichotoa tone la damu siku ya Ijumaa. Vijidudu havihitaji zaidi ya hapo.

Jumatatu, mtoto akiwa na wiki moja kamili, nilikuwa naandika kwenye meza ya mapokezi nilipoona mtu amesimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa mshonaji. Nyuma yake, hatua tatu, alisimama mama mtu mzima mwenye kitenge cha bluu.

“Mama,” alisema, “ulinikataza kurudi mpaka kianguke. Hakiyaanguka. Lakini ulisema niangalie ngozi.”

Mpaka leo sauti ile naisikia. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anaomba ruhusa. Alikuwa amesimama nje ya lango, nilikuja kujua, karibu nusu saa, akijiuliza kama nitamcheka.

Nilimwambia aingie. Nikanawa mikono, nikavuta meza ya kupimia hadi dirishani palipo na mwanga, nikafungua mkanda. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Hii haikuwa ile ya Ijumaa. Ilikuwa nzito, tamu na mbovu kwa pamoja, ya aina inayokaa puani hata ukigeuka. Kikonyo kilikuwa kimerudi kuwa laini na chenye maji. Nilipokisogeza kidogo kwa pamba, usaha wa manjano ulitoka kwenye shina, ukachanganyika na weusi wa mkaa.

Halafu ngozi. Kukizunguka kitovu pote palikuwa na duara jekundu, upana wa vidole viwili, lililopanda zaidi kuelekea kifuani kuliko chini. Watoto wetu huzaliwa na ngozi nyepesi, na wekundu bado huonekana wiki ya kwanza. Baadaye rangi ikishakolea huwa ni kama zambarau, na muuguzi akingoja kuona nyekundu atachelewa. Kwa hiyo siamini macho peke yake. Niliweka mgongo wa vidole: palikuwa na moto. Nilibonyeza taratibu: pamekaza, na ngozi inang’aa kama iliyovutwa. Mtoto alilia kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza mwenyewe, na huko kunyamaza hakukunipendeza.

“Ananyonya?”

“Tangu asubuhi anashika, anaachia. Analala.”

Kipimajoto kilionyesha nyuzi thelathini na nane na nusu.

Ingekuwa wekundu kidogo pale kwenye shina tu, na usaha kidogo, mtoto hana homa na ananyonya vizuri, ningemsafisha, ningempa dawa ya kunywa, ningemfundisha mama kusafisha, na kumwona tena baada ya siku mbili. Tunafanya hivyo mara nyingi na watoto wanapona nyumbani. Lakini wekundu ulioacha kitovu na kuanza kutembea juu ya tumbo ni ugonjwa mwingine. Nyuma ya kitovu kuna mishipa ambayo wiki moja iliyopita ilikuwa inapeleka damu ndani ya mtoto. Bado haijajifunga sawasawa, na uchafu unaweza kupita humo ukaingia mwilini mzima. Mtoto wa siku saba hana akiba ya nguvu ya kungojea kesho.

Sikuwa na mashaka juu ya la kufanya, na hilo lilinisaidia. Nilichukua kalamu ya bic, nikafuata ukingo wa wekundu, nikachora mstari kuuzunguka wote.

“Unachora mutoto?” mama mkwe aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake.

“Nachora mpaka, mama. Tukifika hospitali, munganga ataona kama ugonjwa umesimama ao umeuvuka.”

Nilimpima uzito, nikamchoma sindano mbili pajani, ampisilini na jentamisini, dozi ya kwanza ambayo hatungoji hospitali ndipo itolewe. Nikamwambia mama ajaribu kumnyonyesha. Alishika mara chache, akaacha, tukakamua maziwa na kumpa kwa kijiko kidogo. Kisha nikamweka uchi kifuani kwa mama yake, nikawafunika wote kwa kitenge, maana mtoto mchanga mgonjwa hupoteza joto njiani hata kama ana homa alipoanza safari.

Nilipokuwa naandika karatasi ya rufaa nilimuuliza mama mkwe, bila kuinua kichwa, “Mulipaka nini, mama? Munganga ataniuliza. Nisipomwambia sawasawa, hatajua apambane na nini.”

Aliniambia yote, kibuyu, mawese, mkanda, na kwa nini. Aliposema juu ya uume wa mtoto alishusha sauti, akatazama pembeni.

“Batoto yangu munane nilibafanya vile,” alisema. “Hakuna alikufa.”

“Naamini, mama.”

“Sasa uyu?”

Ningeweza kumjibu kwa mdomo mkali. Mwanzoni mwa kazi yangu nilikuwa hodari kwa hilo, na nilishaona matokeo yake: bibi aliyetukanwa hupaka tena, ila safari ya pili hasemi. Tena, nikiwa mkweli, yeye alimfunga mtoto mkanda, mimi nilimfunga mama yake mdomo.

“Kupaka ni sawa na kuvuka barabara bila kutazama,” nilimwambia. “Mara munane unafika. Haimaanishi hakuna gari. Na mimi pia nilikosea. Nilimwambia muke ya mtoto wako asirudi. Kama angenisikia, tungekuwa tunaongea maneno ingine kesho.”

Alinitazama kwa mshangao. Nadhani hakutegemea mtu mwenye blauzi nyeupe aseme neno kama hilo.

Ng’ambo ya barabara kuna bwana mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini anayeuza unga na sukari kwa jumla, na gari lake la mizigo hukaa pale likingoja wateja. Nilivuka nikamweleza. Hakuuliza mengi. Aliwaambia wapakiaji wake washushe mifuko iliyokuwa tayari imepandishwa, akaketi mwenyewe kwenye usukani. Nilimwachia mwenzangu kituo, nikapanda mbele na mshonaji na mtoto. Mama mkwe alipanda nyuma pamoja na vumbi la unga, akakataa kubaki.

Njiani mshonaji aliniuliza swali moja tu.

“Nilichelewa?”

“Uliona lini wekundu?”

“Asubuhi ya leo, wakati wa kumuosha. Jana jioni harufu ilibadilika, lakini ngozi ilikuwa sawa. Leo nilifungua nikaona kama ukosi mwekundu. Nikamuambia kambo, natoka.”

“Haukuchelewa,” nilisema, na nilikuwa na hakika.

Hospitalini daktari wa watoto, mwanamke kijana aliyevaa miwani mikubwa, alifunua tumbo akakuta ule mstari wangu wa bic. Upande wa juu wekundu ulikuwa umeuvuka kwa upana wa kucha. Haikuwa imepita saa mbili. Daktari alichukua damu ya kupima, akaweka mrija mdogo mkononi mwa mtoto, akaendelea na dawa, akaongeza nyingine ya kupambana na vijidudu vinavyopenda ngozi. Alichora mstari wake juu ya ule wa kwangu.

Kwa siku mbili sikulala vizuri, ila si kwa woga mkubwa. Nilijua tumefika wakati dawa bado inaweza kuwahi mbele ya ugonjwa. Kila nilipomaliza zamu nilipita. Jumanne wekundu ulikuwa pale pale. Jumatano ulikuwa umeacha kung’aa, na mstari wa daktari ulikuwa umebaki peke yake kwenye ngozi safi, kama kamba iliyozungushiwa kiwanja kisicho na nyumba. Homa ilikuwa imeondoka. Nilipoingia chumbani siku hiyo, mtoto alikuwa ananyonya kwa sauti, na mama yake ananiangalia juu ya kichwa chake akitabasamu bila kusema, ili asimkatishe.

Mama mkwe ndiye aliyenishangaza. Wauguzi wa wodi walimfundisha kumshika mtoto kifua kwa kifua wakati mama yake akipumzika, na alikaa hivyo saa nyingi, kiti kimeegemea ukuta, kitenge kile cha bluu kimewafunika. Kila mgeni aliyetaka kumgusa mtoto alielekezwa kwenye bomba kwanza. “Sabuni,” alikuwa anasema. “Na kati ya vidole.” Wifi mmoja wa mshonaji alikuja na poda ya watoto kwenye mfuko. Kambo aliichukua kwa heshima, akaiweka chini ya kitanda, haikuonekana tena.

Kikonyo kilianguka siku ya kumi na moja, mchana, wakati muuguzi akimgeuza mtoto. Kiliangukia kwenye paja. Mama mkwe aliniambia mwenyewe, kwa uangalifu, kama anayetoa taarifa kwa mkubwa: “Kilipita karibu sana.” Nikamjibu kwamba wanaume wengi wa Naviundu ningeweza kumwonyesha ambao kwao kilianguka pale pale anapopaogopa, na leo wana watoto wao. Alifikiri. “Njo vile,” akasema, ingawa sidhani kama alikubali kabisa. Sikumsukuma. Ilinitosha kwamba hakufunga mkanda.

Waliruhusiwa baada ya siku kumi za dawa. Pale kitovuni palibaki na unyevu kidogo, mweupe mweupe, bila harufu, ngozi yake baridi na laini. Mshonaji alinionyesha siku walipopita kunisalimu, na kabla sijafungua mdomo alisema, “Hii ni ya kukauka.” Ilikuwa kweli. Siku nne baadaye pakakauka.

Tangu hapo nimebadilisha mambo mawili katika kazi yangu. Simwambii tena mama yeyote asirudi. Akija mara tano kwa kitovu kizima, mara zote tano naangalia, kwa sababu anayejua kizima kwa macho yake ndiye atakayekitambua kikiharibika. Na somo la kitovu sitoi tena kwa mama peke yake. Namuuliza: nani atamuosha mtoto nyumbani? Huyo naye aitwe. Mara nyingi ni bibi. Anakuja na uso wa mtu aliyeitwa shule kwa makosa ya mtoto, nami namweka kiti, namwomba kwanza aniambie kwao wanafanyaje. Nasikiliza mpaka mwisho. Baadaye tunanawa mikono pamoja, namshika kidole nampeleka kwenye ngozi ya tumbo, pale pembeni ya kikonyo, namuuliza iko namna gani.

Dawa ya kitovu ilifika kutoka bohari mwisho wa mwezi ule, masanduku mawili. Mama mkwe alikuwa anajiandaa kurudi Pweto, na binti yake huko alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuja kituoni peke yake, akakaa kwenye benchi pamoja na akina mama wajawazito mpaka zamu yake ikafika. Aliomba kichupa kimoja. Nilimweleza: mara moja kwa siku, siku saba, kuanzia siku ya kuzaliwa, kwenye ncha na kwenye shina pote, isiguse macho wala masikio, na mkanda hapana.

“Na kama wekundu unatembea?” nilimuuliza.

“Ningoje nini?” alisema. “Napakata mutoto, naenda.”

Alikifunga kichupa kwenye ncha ya kitenge chake, akakaza fundo mara mbili, akaenda kutafuta gari.